Desemba Inatangulia Januari

Baba mdogo wangu hajawahi kushindwa na jambo ambalo hajalielewa. Ukimwambia hili haliwezekani, anavuta kiti. Ana kibanda cha fotokopi karibu na stendi ya Ifakara, mashine moja inayokohoa kama mvutaji wa sigara kali, na kwa kuwa karatasi za watu zinapita mikononi mwake kutwa, anaamini elimu iliyomo ndani yake inabaki kwenye vidole. Mara mbili ameitwa shahidi mahakama ya mwanzo. Kuanzia hapo ukoo mzima ukampa cheo cha mwanasheria, na yeye akakipokea bila aibu, pamoja na koti.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipokataliwa darasa la kwanza, kitu kibaya kuliko kukataliwa kilikuwa baba mdogo kusikia.

Hilo la kukataliwa lenyewe halikuwa na fumbo. Tangazo lilibandikwa getini pa shule, kubwa, hata kipofu angeliona: wa darasa la kwanza awe ametimiza miaka sita ifikapo tarehe mosi Januari. Mdogo wangu amezaliwa tarehe kumi na nne Februari, 2020. Januari 2026 ikifungua mlango, yeye bado ana mitano na miezi yake. Basi. Hesabu ya kumpa mbuzi.

Lakini nyumbani kwetu hakuna mtu anayetimiza. Sisi tunaingia tu. Mtoto akimaliza miaka mitano asubuhi, mchana watu wanasema ameingia wa sita, na ikifika jioni tayari ana sita. Mdogo wangu alikuwa "anaingia sita" tangu Februari iliyopita, na alikuwa ameshawatangazia wauza vitumbua, padri, na kila mbuzi wa mtaani. Kwenye mahafali ya awali walimvika joho la kitambaa cha mapazia, akaimba, mama akalia. Mahafali ya watoto wanaojua kuhesabu hadi ishirini, na mgeni rasmi alihutubia nusu saa kuhusu ajira. Sijui ni nani alikuwa anamdanganya nani pale.

Mama alimpeleka kuandikishwa wiki ya kwanza ya Desemba. Mimi nilikuwa nimefunga shule, nikafuata kwa kukosa kazi. Mwalimu wa uandikishaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikaa chini ya veranda na daftari lake. Mbele yetu alikuwepo jirani yetu Msukuma na mwanawe wa kiume, rafiki mkubwa wa mdogo wangu. Yule dogo ni mfupi mpaka inasikitisha. Akivaa kaptula inakuwa suruali. Mwalimu akatazama kadi yake ya kliniki, akasema, "Novemba, 2019. Ametimiza. Mwingine."

"Wabeja sana, mwalimu," jirani akashukuru kwa Kisukuma, akaondoka anacheka.

Mdogo wangu, ambaye anamzidi rafiki yake kichwa kizima, akasimama kwa vidole vya miguu. Nilikuwa nimemwambia usiku uliopita kwamba zamani mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, na akilifikia ndiyo kakua. Akalishika lake kwa nguvu, akamwangalia mwalimu.

"Achia sikio, mwanangu," mwalimu akasema. "Hatuandikishi masikio." Akasoma kadi. "Mama, huyu bado. Februari."

"Si mwezi mmoja na kitu tu, mwalimu?"

"Hata siku moja. Tunahesabu ilivyo tarehe mosi Januari. Arudie awali, mwakani aje wa kwanza kabisa kwenye foleni."

Mama alisema asante. Mdogo wangu alikuwa ameshagawa vitu vyake vya awali: kibao, chaki za rangi, hata kile kikombe chake cha uji. Aligawa kama mtu anayehama nchi. Usiku akamuuliza mama, "Wenzangu wakienda kule mimi nitakaa na nani?" Mama akamwambia alale. Hilo lilikuwa swali la maana kuliko hotuba zote nilizosikia mwaka huo, na jibu lake lilikuwa alale.

Kesho yake baba mdogo akaja na koti.

"Shemeji, wamekuonea," alimwambia mama, kabla hajakaa. "Serikali inasema kila mtoto ana haki ya kusoma. Kila. Unajua maana ya kila?"

"Anasoma, shemeji. Wamesema arudie awali."

"Kurudia ni adhabu! Kafeli nini?" Akamnyanyua mdogo wangu, akamkalisha pajani. "Wewe Januari uko darasa la kwanza. Nani kasema?"

"Baba mdogo," mdogo wangu akasema.

"Nani?"

"Baba mdogo mwanasheria!"

Mama akampigia baba, ambaye yuko Uchindile kwenye mashamba ya miti na mtandao huupata akipanda kilima. Baba akasema tumwache huyo mdogo wake ajaribu, anajua mambo ya ofisi. Ukitaka kumjua mtu asiyejua mambo ya ofisi, mtafute anayesifiwa na mtu aliye mbali.

Baba mdogo aliomba kadi ya kliniki, akaondoka nayo, akanibeba mimi nimshikie karatasi. Kibandani akatoa kopi ya ile kadi, akailaza kwenye kaunta, akachukua kalamu nyeusi, akaongeza kijiti kimoja. Kimoja tu. Mbele ya 2 ya Februari akaweka 1. Ikawa 14/12/2020. Kisha akaitoa kopi ile kopi nyingine, ili wino usijulikane ni upi wa nesi na upi wa kwake.

"Umeona?" akaniambia. "Desemba. Tarehe mosi Januari inamkuta ameshapita."

Nikaitazama. Mimi hesabu nilipata D, lakini hata D ina mipaka yake.

"Baba mdogo, mwaka si ule ule?"

"Mwaka hatujaugusa. Kugusa mwaka ni kughushi."

"Sasa Desemba ya 2020 si inakuja baada ya Februari ya 2020? Si umemfanya mdogo zaidi?"

Akavua miwani. "Sikiliza. Desemba inatangulia Januari. Februari inafuata Januari. Wao wanataka aliyetangulia. Kidato cha tatu wanawafundisha nini siku hizi, TikTok?"

Nikasema sawa. Kuna watu ukiwatoa shimoni wanalalamika umewachafua shati.

Kesho yake asubuhi tulimpitia baba mdogo kibandani, na njiani kwenda shule nilimwambia mama. Mama akasimama, akanitazama, akauliza nirudie, nikarudia. Akatia mkono kwenye mkoba, akahakikisha kadi halisi iko humo, maana aliidai palepale kibandani. Alikuwa ameolewa kwenye ule ukoo muda mrefu. Amejifunza kwamba mwanaume wa kwetu anapopanda juu ya kitu, dawa ni kumwachia ashuke mwenyewe.

Tukaenda wote wanne. Baba mdogo mbele, kama anapokea gwaride. Mdogo wangu kashikwa mkono, kapakwa mafuta mpaka anang'aa, maana kaambiwa leo anaandikwa. Wazazi walijaa kwenye mabenchi.

"Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ndiye msimamizi wa mtoto kisheria," baba mdogo akasema, akiweka kopi mezani kama anaweka rungu. "Kulitokea makosa ya usomaji. Naomba yasahihishwe kabla hatujafika mbali."

Mwalimu akaisoma. Akaisoma tena. Akamtazama mdogo wangu, akamtazama baba mdogo.

"Mzee, tarehe ya kuzaliwa umesema ni hii?"

"Kama inavyosomeka."

"Kumi na nne Desemba, 2020. Basi ikifika tarehe mosi Januari, huyu ndiyo kwanza ametoka kutimiza mitano. Juzi nilimkataa kwa kupungukiwa mwezi na nusu. Leo umeniletea amepungukiwa karibu mwaka mzima."

Baba mdogo akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipofika kidole gumba akarudi mwanzo. Kwenye mabenchi watu walikuwa wameziba midomo, wanasubiri ruhusa ya kucheka.

"Na hapa," mwalimu akaendelea, anageuza karatasi, "chanjo ya kwanza, kumi na nne Februari, 2020. Nyingine Machi. Nyingine Aprili. Uzito wake Juni, kilo saba na nusu. Mzee, mtoto wenu alichanjwa akiwa hajazaliwa?"

Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu akasema kwa sauti, "Mwacheni, alikuwa ana haraka!" Hapo benchi lote likaangua kicheko. Nami nilicheka, sitaki kusema uongo, nilicheka mpaka nikashika nguzo.

"Hayo ni makosa ya nesi," baba mdogo akasema. "Manesi wana maandishi mabaya."

"Nesi alizalisha mwezi wa pili, akasahau, akaja kuandika mwezi wa kumi na mbili?"

Mama akatoa kadi halisi, akaiweka juu ya kopi. "Mwalimu, ni Februari. Mimi ndiye niliyezaa. Shemeji hakuwepo."

Mwalimu akaichukua ile kopi, akaichana vipande vinne, polepole. Nilifikiri ataita mwalimu mkuu, ataita mgambo. Hakuita mtu. "Kwa hii ningeweza kukupeleka mbali, mzee," alisema, "lakini nina foleni." Akafungua ukurasa wa awali, akaandika jina la mdogo wangu.

Ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu mdogo wangu anajua kusoma. Alikuwa amesimama kando ya meza na alisoma juu ya ule ukurasa, kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa humo humo: "A-wa-li." Akamgeukia baba mdogo.

"Ulisema."

"Tutakata rufaa, mama," baba mdogo akamjibu. Kisha akatazama saa, akakumbuka mashine ameiacha ikiwaka.

Januari, siku ya kufungua, mama alikuwa shambani Michenga kwenye mpunga, kwa hiyo nilimpeleka mimi asubuhi kabla ya kwenda shuleni kwangu. Rafiki yake mfupi alipita na begi jipya, akaingia upande wa pili wa uwanja. Mdogo wangu hakulia. Aliingia awali, ambako nusu ya darasa lilikuwa linalia na nusu nyingine linashangaa, akakaa, na miguu yake ikazidi kile kibenchi. Mtoto mmoja karibu yake alikuwa amejikojolea. Mdogo wangu akasogea mbele kidogo, kama bosi anayemkwepa mfanyakazi.

Jumapili hiyo mama alirudi mjini, na baba mdogo akaja kula. Koti, tabasamu, soda ya chupa kubwa. Hajawahi kuligusia lile jambo hata kwa bahati mbaya. Anaongea sasa habari za mpaka wa kiwanja cha mtu.

"Mwanasheria mwenzangu!" akamwita mdogo wangu mlangoni, akamnyooshea mkono amwamkie.

Mdogo wangu akamtazama kuanzia viatu hadi kola. Akapita pembeni yake na sahani ya mboga, akaenda kukaa.

Kwetu mtoto asiyeamkia mkubwa anapata kofi kabla mlango haujafungwa. Baba mdogo akamgeukia mama, akisubiri. Nami nikasubiri.

"Karibu ule, shemeji," mama akasema, akaendelea kupakua wali.