Hati ya Kiwanja cha Yotham

Yotham, seremala wa Kizota, aliingia ofisi ya mikopo na shemeji yake Joel, aliyekubali kumdhamini. Kwapani alibana hati ya kiwanja. Ili aipate, miezi mitatu nyuma alikuwa ameuza mashine yake ya randa, maana alijiaminisha kwamba bila hati hapewi mtu mkopo.

"Shikamoo, mzee," alisema Violeth, afisa mikopo, akipekua fomu. "Kipato ni lazima. Juu yake unaleta hati au mdhamini, kimoja kinatosha."

"Nimeleta vyote viwili!"

"Lakini kipato chako kimekatika miezi mitatu sasa. Bila hicho, hata wadhamini kumi hawasaidii."

Yotham aliiweka hati mezani. "Na kama ningekuja nikiwa bado na mashine?"

Violeth akamtazama Joel. "Shemeji yako peke yake angetosha."