Mgeni Kwenye Mtandao wa Fundi

Mama mshonaji alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, ila intaneti ikisuasua, ukae naye mbali. Asubuhi ile video ya kujifunza kukata kola iliganda, mwalimu kaachama mdomo. Akafungua programu ya ruta kwenye simu, akapitia vifaa vilivyounganishwa: simu yake, televisheni, kompyuta ya binti yake. Chini kabisa palikuwa na kingine, jina lake herufi na tarakimu tupu.

Hakuhitaji kupiga ramli. Nje ya nyumba ile, nywila aliijua mtu mmoja tu: msusi wa mlango wa pili, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kikulacho ki nguoni mwako! Akabonyeza "zuia". Msusi alipopita dirishani akimsalimu, alijibiwa kwa mguno.

Video iliendelea kuganda, lakini hasira haina macho.

Mchana akakaa kwenye cherehani yake mpya ya kutarizi, ile ambayo binti yake aliiunganisha ili ipokee michoro kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa anatarizi aproni za saluni ya msusi, iliyokuwa ifunguliwe upya kesho yake. Akatuma mchoro, haukufika. Akatuma tena. Akaizima cherehani, akaiwasha, akaitukana kidogo. Wapi!

Msusi akaingia kuulizia aproni zake, akakuta vitambaa vyeupe pe.

"Aproni ungezipata," mshonaji akasema, "kama usingekuwa unaninyonyea intaneti."

Ilimuuma msusi, ilionekana. Kisha akaweka simu yake mezani: ilikuwa kwenye bando lake mwenyewe, na orodhani haikuwamo. Akamwambia amfungulie huyo mwizi, kisha wazime kitu kimoja kimoja waone nani anatoweka.

Mwizi akafunguliwa, akarudi orodhani. Wakazima televisheni, ikaondoka televisheni. Wakazima kompyuta, mwizi yupo tu. Mshonaji, kwa kukosa kingine, akazima cherehani. Wakasubiri kidogo, wakaifungua orodha upya. Mwizi hayupo.

Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ametafuta simu za watu, hakuwaza kuwa cherehani nayo huingia mtandaoni. Akaiwasha, akaibadilisha jina, akaandika "Cherehani". Akawasha na kompyuta, akatuma mchoro tena. Ukafika, sindano ikaanza kukimbia kwenye aproni ya kwanza.

"Nisamehe, dada. Ukitaka intaneti, tumia hii yangu."

"Intaneti yako yenyewe inachechemea," msusi akasema. "Mimi nataka salamu yangu ya asubuhi."

Mshonaji akatoka nje, akazunguka nyumba, akasimama dirishani alipopita mwenzake asubuhi.

"Dada yangu, umeamkaje?"

Msusi, aliyekwisha kukalia kiti cha fundi, akamjibu kwa mguno.