Kipengele cha Mwanachama Akifariki

Siku hizo nilikuwa na duka la kupiga chapa na fotokopi pale Mitunguu, karibu na mahali malori yanapopakia ndizi. Nilikuwa na kompyuta moja, printa yenye kiburi, na mdomo ambao marehemu mume wangu alizoea kusema ungeninyima wateja. Haukuninyima. Watu walikuja hivyo hivyo, nikawagombeza, wakalipa.

Kikundi cha akina mama wa kijiji chetu ndicho kilichoniletea kazi ninayotaka kuisimulia. Walikuwa wakiweka akiba kila Alhamisi baada ya soko, kwa hisa, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mama wake. Sasa walitaka kujiandikisha kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, wapate cheti, wafungue akaunti. Ofisi haikupi cheti bila katiba. Basi katibu wao akakopi ujumbe wote waliokuwa wakiandikiana kwenye simu tangu mwaka uanze, akaubandika pamoja, akanitumia. Akaongeza maneno mawili tu: tutengenezee katiba.

Jamani, niliusoma ule mrundo nikataka kulia. Bei ya hisa ilikuwepo, halafu chini yake mtu anauliza nani ana mbegu ya maharagwe. Faini ya kuchelewa, kisha sala ya asubuhi. Faini ya simu kulia kikaoni, kisha picha ya harusi ya mtoto wa mtu. Niliuchambua kama mtu anayechambua mchele wa mawe. Nilipomaliza nilikuwa na jina la kikundi, lengo, siku ya kukutana, bei ya hisa, riba ya mkopo, na faini za kutosha kumfunga mtu jela.

Yaliyokosekana ndiyo yalinitisha. Hawakuwa wamesema ni wanachama wangapi wakihudhuria ndipo kikao kiwe halali. Hawakuwa wamesema mkopo mkubwa kabisa ni kiasi gani, wala mwenye ufunguo akisafiri unabaki na nani, wala kiongozi akiharibu anaondolewa vipi. Mtu akitaka kujitoa katikati ya mwaka, kimya. Mwanachama akifariki, kimya kabisa.

Katibu akanishauri nikope katiba ya kikundi kingine, nibadilishe jina tu, kwani nani atajua. Nilimwambia mimi ni wa kuandika, si wa kuwatungia sheria, na hiyo katiba ya wengine ikija kuwabana shingo wasije dukani kwangu na makelele. Nikaandika rasimu, na kila mahali palipokosa kanuni nikaacha nukta nukta na swali chini yake. Nikamwambia wakae, wajibu, waandike kwenye kumbukumbu za kikao, ndipo nijaze.

Mmoja wa wanachama alikuwa jirani yangu, rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Nimtajeje? Alikuwa mtu wa kucheka. Hakuolewa. Dada yake mdogo alifariki akamwachia msichana wa kunyonya, naye akamlea kwa maziwa ya mbuzi na ubishi, hadi mtoto akamwita mama na sote tukasahau kwamba kulikuwa na mwingine. Msichana alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuitwa chuo cha tiba, akasomee maabara. Karo yake ilikuwa ndani ya lile sanduku. Wiki baada ya wiki, hisa baada ya hisa, mama yake alikuwa akiweka ya chuo.

Na alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshajulikana jina, na daktari wa Meru alikuwa ameshaacha kumpa tarehe za kurudi.

Alikuja kwangu mchana mmoja, akakaa jikoni, akaniuliza kama kweli katiba haikusema lolote kuhusu mtu akifa. Nikamwambia haikusema. Akaniambia, "Andika kwamba kila mwanachama ataje mtu wake. Mimi wangu unamjua. Hisa zangu ni za huyo mtoto, zisiende kwa ndugu zangu." Kaka zake wawili tuliwajua sote. Hawakuwa wabaya kupita watu wengine, lakini pesa ikipita mikononi mwao hairudi, na huyo msichana kwao alikuwa mtoto wa dada aliyezaa nyumbani, basi.

Nilimwambia siwezi kuandika kanuni ambayo kikao hakijapitisha, hata iwe nzuri namna gani. Lakini aandike wosia wake mwenyewe, tutafute mashahidi. Alicheka. Wosia ni wa watu wenye mashamba, akasema, si wa mwenye hisa za ndizi. Na akiandika karatasi pembeni, kikundi kitasema anawaficha, na kaka zake watasema mimi ndiye niliyemshika mkono. Alitaka iwe sheria ya wote, naye ataje jina mbele ya wote. Nilimwelewa. Hata sasa namwelewa, na ndiyo maana inaniuma.

Alhamisi iliyofuata nilialikwa kikaoni, kwenye ukumbi wa kanisa, nisome maswali. Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Walibishana juu ya mkopo, mwishowe wakakubaliana usizidi mara tatu ya hisa za mtu. Kuhusu kikao halali walisema theluthi mbili. Mwenye ufunguo akisafiri, aukabidhi kwa mtu ambaye kikao kimemteua, si kwa mumewe. Hapo walicheka sana. Mwenye kujitoa katikati ya mwaka atangoja mgao wa Desemba, kwa sababu pesa zote ziko nje kwa wakopaji. Nilikuwa naandika huku nikijisemea kumbe hawa wamama wana akili, shida yao ni kubandika tu.

Nikafika kwenye swali la mwisho. Nikasoma: mwanachama akifariki, hisa zake apewe nani?

Hakuna aliyemtazama rafiki yangu, na kwa hivyo kila mtu alikuwa amemtazama. Kwetu mgonjwa hatajiwi kifo akiwa amekaa. Ni kumwitia. Mwenyekiti, mama mmoja mpole ambaye ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kila asubuhi, aliniambia kwa upole kwamba hapo turuke. Nikasema hapo hapafai kurukwa. Akaniangalia kama niliyekuja kuzika mtu aliye hai.

Rafiki yangu akainua mkono. Akasimama, ameshika kiti cha mbele yake, akasema, "Mimi nina neno juu ya hilo."

Hakulimaliza. Mama mmoja wa nyuma alianzisha wimbo, wimbo wa uponyaji, na wote wakauchukua. Wakasimama, wakaja mbele, wakamwekea mikono mabegani na kichwani, wakaimba na kumwombea, machozi yanawatoka. Nilimwona katikati yao akifungua mdomo na kuufunga. Nilipiga meza. Nilisema mwacheni aongee. Nani angenisikia? Nilikuwa na hasira ya kupasua kitu, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwelekea, kwa sababu walikuwa wanampenda. Wimbo ulipoisha alikuwa ameshaketi, amechoka, anafuta uso, akasema asanteni.

Wakapitisha sentensi moja ya kufunika shimo: jambo lolote lisilotajwa humu litaamuliwa na mkutano mkuu. Nikaiandika. Wakatia sahihi. Ofisini afisa aliisoma, akagonga muhuri, cheti kikatoka, wakapiga picha nacho.

Rafiki yangu alinisindikiza hadi mlangoni siku nilipompelekea nakala yake. Akasema atajaribu tena mkutano ujao, akipata nguvu. Hakupata. Alifariki kabla ya mwezi kwisha.

Baada ya mazishi kikundi kilikaa, na kwa kauli moja kikaamua hisa zake apewe msichana. Hakuna aliyepinga. Niliandika kumbukumbu mwenyewe, kwa furaha ya kijinga. Kaka mkubwa alikuja na barua ya chifu, inayotaja warithi: yeye na mdogo wake. Msichana hakuwemo, maana hakuwahi kuasiliwa kwa karatasi. Nani kijijini huasili mtoto wa dada yake kwa karatasi?

Tulikwenda ofisini, mwenyekiti, katibu na mimi. Afisa alikuwa kijana mstaarabu, alitusikiliza hadi mwisho. Akafungua katiba yetu, akaipekua ukurasa kwa ukurasa, taratibu, na mimi nilijua anachokitafuta humo hatakipata. Akasema mkutano mkuu unaweza kuamua mambo ya kikundi, lakini mali ya marehemu si ya kikundi. Kama kungekuwa na kanuni, naye marehemu awe ametaja jina chini yake, msichana angekuwa na pa kusimamia. Mwenyekiti akamwambia marehemu alitaka iwe ya mtoto, kila mtu anajua. Afisa akauliza, alisema hivyo mbele ya nani? Kwa mtu aliyefariki muda mfupi hivi baada ya kusema, hata neno la mdomo linaweza kusimama, mradi liwe na mashahidi wawili.

Nikainua mkono. Nilikuwa mmoja tu.

Mwenyekiti alikaa pale ameshika mkoba wake. Niliona hesabu ikimwingia usoni. Ule ukumbi ulikuwa na wanawake zaidi ya ishirini.

Kaka zake walilipwa Desemba, wakati wa mgao. Walitia sahihi na kwenda. Msichana alikwenda Timau, kwenye mashamba ya maua, kufunga waridi kwenye karatasi.

Januari kikundi kiliniita tena kurekebisha katiba. Safari hii hakuna aliyeimba. Walipanga foleni, mmoja mmoja akataja mtu wake kwa sauti, nikaandika: binti yangu, mume wangu, mjukuu wangu wa Mikinduri. Mwenyekiti alitaja wake akilia. Nilimwandikia vizuri, sikumsuta. Ningemsuta kwa lipi, kwa uji?

Siku chache baadaye msichana alinipigia simu. Alikuwa amesikia kutoka kwa watu kwamba mama yake alisimama kikaoni. Akaniuliza, "Anti, alikuwa anataka kusema nini?"

Nikamwambia alitaka kutaja jina lake.

"Jina tu?"

"Jina tu."

Nilisikia mashine nyuma yake, na watu wakiitana kwa kelele.

"Si hata dakika haingeisha," akasema.

Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu wote, nimweleze habari ya wimbo. Akaniambia zamu imeanza, akakata.