Cornelia wa Laela na Riba ya Benki

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nadanganya. Ilikuwa 2022, maana ndio mwaka tuliovuna mahindi membamba baada ya mbolea kupanda bei, na watu wengi walikuwa wamepanda bila kutia chochote. Mwaka 2021 mimi nilikuwa bado Kipili, kule ziwani. Basi ni 2022, mwezi wa tisa, upepo wa Ufipa ukiwa unavuma hata kofia haikai kichwani.

Mimi kazi yangu ni kuchonga mipini ya majembe na mashoka, na kutembea. Nikifika Laela, mahali pangu pa kukaa ni kwenye kivuli cha mashine ya kusaga ya Cornelia, karibu na stendi. Kila mtu Laela anamjua. Ni mjane, mwanamke mrefu, mkimya, nywele zimejaa unga mpaka utadhani amezeeka kabla ya wakati. Mume wake alipougua alimwachia mkononi mashine moja mbovu na shamba la mpunga kule Milepa, bondeni. Mashine aliifufua kwa mkopo wa benki, akaumaliza. Akakopa wa pili, akajenga banda la bati na ghala dogo, akaumaliza na huo. Sasa alitaka mkopo wa tatu, mkubwa kuliko yote, anunue mashine ya kukoboa, kwa sababu watu wa siku hizi wanataka unga mweupe na alikuwa anawaona wateja wake wakipanda basi na magunia yao kwenda kukobolea mjini.

Benki ilikubali kumkopesha, na hati ya kiwanja chake ilikuwa bado iko kwao tangu mkopo wa kwanza. Tatizo lilikuwa riba. Walimwambia ni asilimia ishirini na moja kwa mwaka, ileile ya siku zote. Cornelia alikaa juu ya gunia akapiga hesabu ya rejesho la kila mwezi kwa miaka minne. Miezi ya mavuno mashine ingelibeba. Kuanzia Januari mpaka Machi, mahindi yakiisha majumbani, isingelibeba.

"Kwa hiyo?" nilimuuliza.

"Kwa hiyo ama niache mashine, ama niuze shamba la Milepa nipunguze mkopo. Na lile shamba ndilo linalotulisha wali." Akapangusa unga kwenye nyusi. "Au niwaombe wapunguze riba."

Mimi nilicheka. Sikucheka kwa dharau, nilicheka kwa kushangaa. Katika kutembea kwangu kote sijawahi kusikia mtu anaingia benki kupatana bei kama yuko sokoni.

Shemeji yake Kasimiri, mdogo wa marehemu, alipopata habari alisema jambo kama hilo haliendewi na mwanamke peke yake. Kwetu mtu akienda kuomba kitu kikubwa, awe anaomba mke au ardhi, anatanguliza mzee wa kumsemea. Cornelia hakubishana naye. Mimi nilikuwa naelekea Sumbawanga na mipini yangu, nikapanda nao basi la asubuhi. Kasimiri alivaa koti la Pasaka, na kwapani alikuwa na jogoo mwekundu amefungwa miguu.

Mlangoni mwa benki mlinzi akamzuia.

"Mzee, huyo vipi?"

"Ni zawadi."

"Jogoo hana akaunti hapa, mzee wangu. Niachie mimi."

"Usimle."

"Niko kazini, mzee. Simli."

Aliyetupokea alikuwa afisa mikopo, binti anaitwa Sharon, wa umri wa mjukuu wangu. Alisimama. "Shikamooni wazee wangu. Mama, karibu." Kisha akamgeukia Cornelia. "Mama, mambo ya akaunti yako ni siri yako. Unaridhia wazee hawa wakae hapa tukizungumza?"

Cornelia alisema anaridhia. Tukakaa. Kasimiri hakukaa sawasawa. Alipiga makofi yale ya polepole, ya heshima, kama wazee wetu wanavyofanya mbele ya mkubwa, akaanza kusema.

Alisema vizuri sana, siwezi kumdhulumu. Alisema huyu mama ni mjane. Alisema mwaka huu mahindi yamekuwa membamba, mashine inalala njaa, watoto wanadaiwa ada, na nyumba nzima inaitazama benki kama mtoto anavyomtazama mama yake. Alisema mwonee huruma, mwanangu, amebanwa, hana pa kushika. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa kukubali, maana ndivyo inavyosemwa. Anayeomba anajishusha, ndipo anayetoa anyooshe mkono.

Lakini nikaona uso wa Sharon unabadilika. Kalamu aliyokuwa ameishika aliiweka mezani.

"Mama," alisema taratibu, "una shida ya kulipa? Maana kama biashara imebanwa hivyo, mkopo mkubwa tusikupe kwanza. Tukikupa tutakuumiza."

Kasimiri akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilielewa pale pale kwamba tumeenda na maneno ya posa mahali ambapo hayafanyi kazi, na kwamba kwa dakika ileile mashine ya kukoboa ilikuwa inamtoka Cornelia mikononi.

Cornelia akamshika shemeji yake mkono. "Shemeji, ahsante. Umenisemea vizuri. Sasa niache niseme mwenyewe." Akamgeukia binti. "Dada, sina shida ya kulipa. Ningekuwa na shida nisingethubutu kuja hapa kuomba riba ipungue. Nimekuja kwa sababu sijawahi kuwa na shida na nyinyi. Fungua hapo kwenye kompyuta yako uangalie."

Sharon akafungua. Alisoma kwa muda mrefu, kidole kikiteremka na kioo. Kisha akafanya kitu ambacho nadhani hakikuwa desturi: akakigeuza kioo kidogo upande wetu, mwenye akaunti aone.

Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, darasa la nne la zamani. Lakini hata asiyesoma angeona. Mistari, mistari, mistari. Mkopo wa kwanza wote, mkopo wa pili wote, kila rejesho limeingia kabla ya tarehe yake. Hakuna siku hata moja ya kuchelewa. Na katikati ya marejesho kulikuwa na mauzo ya mashine, ambayo Cornelia alikuwa anayaweka kwa wakala wa Laela kila Jumatatu, hata ile wiki aliyomzika mume wake. Ile wiki ilikuwemo. Niliona tarehe, nikaikumbuka mvua ya siku ile.

Sijui nieleze vipi. Nimewahi kusimama asubuhi kwenye ukingo wa Lyamba, pale milima ya Ufipa inapokatika, bonde la Rukwa likajifunua lote chini yangu, na moyo ukanyamaza. Ndivyo ulivyonyamaza mle ofisini. Miaka yote ile tulidhani mwanamke huyu anasaga unga tu. Kumbe alikuwa anajiandika, mstari kwa mstari, mahali ambapo hakuna jirani aliyekuwa anaona.

"Na taarifa za mikopo za nje zinasemaje?" Sharon alijiuliza mwenyewe, akabonyeza, akangoja. Alitueleza kwamba benki zote hupeleka habari za wakopaji sehemu moja, kwa hiyo ukichafua kwingine, huonekana. "Safi," alisema. "Hudaiwi popote."

Cornelia akatoa karatasi kwenye kitambaa. Ilitoka benki nyingine ya pale mjini, ikisema wako tayari kumkopesha kiasi kilekile kwa asilimia kumi na sita.

Sharon alitabasamu kidogo. "Mama, unatutishia?"

"Hapana, mwanangu. Nakuonyesha bei ya mtaa."

"Hiyo kumi na sita inahesabiwa juu ya deni lote mpaka mwisho, au inapungua deni likipungua? Maana ile ya kwanza inaonekana ndogo lakini inakula zaidi."

"Inapungua. Niliuliza. Na niliuliza ada ya mkopo na bima pia. Msije mkanipunguzia riba huku mkaniongezea ada."

Kasimiri akanong'ona sikioni mwangu, "Huyu shemeji yangu nimekaa naye miaka yote hii nikidhani ni mpole."

"Kwa nini usiende huko basi?" Sharon aliuliza, naye aliuliza kweli, hakuwa anakejeli.

"Kuhama ni gharama. Hati yangu muiachie, kiwanja kithaminiwe upya, kisajiliwe upya. Na kule hawanijui, nitaanza kama mgeni. Hapa nimeshajulikana. Nataka huko kujulikana kuwe na faida kwangu pia, si kwenu peke yenu."

Binti akaingia kwa meneja wa tawi. Aliporudi alisema wazi kwamba tawi halina mamlaka ya kushusha riba. Meneja anaweza kupendekeza tu, na wanaoamua ni idara ya mikopo makao makuu, Dar es Salaam. Cornelia aandike barua, ataje mikopo miwili aliyomaliza, mauzo yanayopita kwenye akaunti, ofa ya ile benki, na riba anayoiomba. Wanaweza wakakataa. Barua aliandika pale pale, akaomba kumi na sita. Kasimiri alijaribu kumkabidhi Sharon jogoo, akaambiwa kwa adabu kwamba benki haipokei zawadi za wateja, hata za wenye koti zuri kama lake.

Nilishuka Kipili na mipini yangu. Nikapanda tena Laela wiki kadhaa baadaye, na jibu lilikuwa halijaja. Nilikuwa nimekaa pale kivulini simu ilipoita. Cornelia akazima mashine, na wanawake waliopanga foleni na madebe yao wakageuka kumtazama kwa sababu kelele zilikatika ghafla.

Alisikiliza. "Ndiyo." Akasikiliza tena. "Nimeelewa. Nikichelewa inarudi ishirini na moja. Ndiyo, mauzo yataendelea kupita hapo. Na ada? Sawa. Ahsante, dada."

Akakata simu. "Kumi na saba," alisema.

Nilimuuliza kama inatosha. Aliniambia kila mwezi inashuka zaidi ya elfu sitini, kwa miaka minne ni milioni tatu, na rejesho hata la Februari mashine italibeba. Shamba la Milepa linabaki. Akakaa juu ya gunia, akafunika uso kwa mikono miwili, na unga ukaloa mashavuni. Mwanamke mmoja wa kwenye foleni akapiga kigelegele bila hata kujua ni cha nini.

Mimi nilivuka barabara, nikaenda kukaa peke yangu. Nilikuwa nawaza huyo mtu wa Dar es Salaam. Hajawahi kufika Laela. Hamjui Cornelia kwa sura, hajui amezaliwa ukoo gani, hakuletewa mzee wa kumsemea. Aliletewa mistari tu, akaiamini.

Nilipofika tena mjini nilimuuliza Sharon huyo mtu ni nani, akacheka, akasema wanaoamua ni kamati, hata yeye hawajui. Nilimuuliza Kasimiri, akasema mambo ya benki si ya kuuliza. Nimemuuliza hata padre. Mtu wa mbali kama yule, akisoma mistari ya mtu mwingine mpaka mwisho, je, na yeye alimwona Cornelia kama tulivyomwona sisi mle ofisini, au aliona namba tu?