Ukurasa Mmoja wa Ghala la Ubaridi

Kitunguu kilichooza hakinuki kitunguu. Kinanuka panya aliyefia darini, na maji yake yakikugusa mkononi, utanawa mpaka uchoke. Mama yangu mdogo, aliyelima vitunguu maisha yake yote pembeni mwa mji wa Nduguti, mkoani Singida, anaijua harufu hiyo kuliko manukato yoyote. Kila mavuno watu wote huvuna kwa pamoja, bei inaanguka, wenye shida wanauza kwa bei ya kutupa, na anayejaribu kusubiri anaishia kuchambua uozo bandani huku amejifunga kanga puani.

Ndiyo maana ushirika wetu ulipoanza kuzungumzia ghala la ubaridi, mama mdogo alikuwa wa kwanza kusimama. Akatoa shamba lake la kando ya barabara kuu, lile zuri, linalopitiwa na umeme wa njia tatu wa kuendesha mitambo. Hati ikaandikwa kwa jina la ushirika. Hakudai kitu. Alisema tu kwamba ghala likisimama, vitunguu vyake viwe vya kwanza kuingia. Watu wakampigia makofi, akaketi na kujifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mimi nilikuwa katibu wa ushirika. Kwenye mkutano mmoja wa wafanyabiashara Singida mjini nikakutana na bwana mmoja kutoka Dar, anayetafutia wawekezaji miradi ya kilimo. Alikuwa na haraka, funguo za gari mkononi. Nilipomweleza habari ya ghala, akanikatiza kwa upole: "Niletee ukurasa mmoja. Mmoja tu. Ukinivutia, nakupa mkutano. Mengine yote tutayaongea huko."

Nikauandika ukurasa huo kwa moyo wangu wote. Juu kabisa, kwa sentensi mbili, tatizo: mazao yanavunwa kwa mkupuo, yanaoza, na miezi michache baadaye wanunuzi hao hao wanayatafuta kwa tochi. Chini yake, jibu letu: ghala la vitunguu pekee, vikiisha kukaushwa vizuri mpaka shingo, pale majani yanapoanzia, vikae kwenye baridi kali na hewa kavu, na tani litakazobeba. Kisha kiwanja chenye hati, umeme uliopo jirani, ada ya kila gunia kwa mwezi, na barua za wanunuzi wawili walio tayari kukodi nafasi. Kisha kiasi tunachotafuta, kitafanya nini, na sisi tunaweka nini mezani. Hapo nikaandika kwamba ardhi imetolewa na mkulima mwanachama, mwanamke, maana mwekezaji hupenda kuona wenyewe wamejitoa. Mstari wa mwisho uliomba mkutano wa nusu saa. Mahesabu marefu niliyaacha kabatini, ndiko mahali pake mpaka watu wakutane.

Bodi ikasema lazima iupitie kwanza. Sawa. Tukakaa ofisini, soda zikaletwa, na posho ya kikao, maana bila posho wazee wetu hawaoni herufi. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, akavaa miwani, akasoma polepole, akaisukuma karatasi kama sahani yenye nzi.

"Katibu, hata salamu hakuna?"

Nikamweleza kwamba hii si risala ya mgeni rasmi. Ni karatasi ya kumshawishi mtu mwenye kazi nyingi akubali kukutana nasi. Akanitazama kwa huruma, kama mtoto aliyekosa malezi. Kwa hiyo ukurasa ukaanza kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima. Ukafuata mstari wa kuwatambua viongozi, kuanzia mkoani hadi kitongojini, kila mmoja na cheo chake, maana ukimwacha mmoja utamsikia. Kisha historia ya ushirika. Kisha majina ya bodi nzima, na mweka hazina akataka na picha yake.

Diwani, aliyealikwa kama mlezi wetu, naye akaona wafugaji wamesahaulika, na wafugaji ni wapiga kura. Akaagiza tuongeze nyama, maziwa na nyanya humo humo kwenye ghala. Nikasema kitunguu kinataka hewa kavu, nyanya kwenye baridi ile inaharibika, na nyama itakayolala na vitunguu italiwa na nani? Akacheka, akasema hayo ni ya wataalamu, sisi tuandike tu. Nyama ikaingia.

Halafu wakafika kwenye kiasi tunachotafuta. Chumba kizima kikakunja uso. Mwenyekiti akasema kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake akataja shida yake mlangoni. Unasalimia, unauliza mifugo, unauliza mvua, unakula, na shida unaitaja ukiwa umesimama kuaga. Kumwomba mtu usiyemjua hela kwenye karatasi ya kwanza ni kujidhalilisha. Ninayajua malezi hayo, nami nimelelewa hivyo hivyo na ninayapenda, lakini nikasema huyu bwana kazi yake ni kusikia kiasi, asipokiona atajuaje tunataka nini? Wakapiga kura. Kiasi kikafutwa, na ombi la mkutano likafutwa nalo, eti mgeni mwenyewe atajiongeza.

Nafasi bado haikutosha. Mweka hazina akanyoosha kidole kwenye mstari wa mama mdogo. Akasema huo hauna umuhimu, mbona shamba ni la ushirika tayari? Wakautoa ili picha yake ikae. Nilimwangalia akipangusa soda mdomoni. Mwenyekiti akautuma mwenyewe kwa simu yake, palepale, asije katibu akachakachua.

Jioni ile nikamtumia yule bwana ukurasa wangu wa kwanza pia, na maneno mafupi ya kuomba radhi. Lakini alikuwa ameshasoma ule mwingine na kuujibu, na nafasi za mikutano alikuwa ameshazigawa kwa watu wa mikoa mingine. Aliniandikia kwa ustaarabu kwamba huu wangu, uliomfikia wa pili, ungempa hamu, ila wawekezaji wake wanaondoka, labda wakati mwingine.

Jibu lake kwa bodi lilikuwa mstari mmoja: "Asanteni sana kwa salamu, ila sikuelewa mnahitaji nini." Mwenyekiti alilisoma kwenye mkutano mkuu, akaishia kwenye salamu, na watu wakapiga makofi. Akasema mnaona, mtu mkubwa kutoka Dar ametushukuru. Jibu likachapwa, karatasi yake ikatundikwa ukutani ofisini, karibu na saa, na ipo mpaka leo. Niliacha ukatibu mwezi ule ule. Sikuweza tena kukaa chini ya karatasi ile nikaandika kitu.

Msimu huu nilikwenda kumsaidia mama mdogo kuchambua. Tulikaa bandani mlango wazi, tukitupa vilivyooza kwenye beseni, na maji meusi yakitutiririkia viganjani. Shamba lake la kando ya barabara linaonekana kutoka pale. Halijalimwa, kwa sababu ni la ghala. Limeota magugu hadi kiunoni, na bodi imesimika bango lenye majina yao.

Nilimweleza yote, mpaka mstari wake waliouondoa. Hakukasirika. Aliendelea kuminya kitunguu kimoja kimoja kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo huyo mgeni," akaniuliza, "hajui hata kama mimi nimetoa shamba?"

Nikamwambia hajui.

Akatikisa kichwa, akalichukua beseni lililojaa, akatoka nje. Nikafikiri anakwenda kumwaga shimoni kama kawaida. Alivuka barabara, akalimwaga lote chini ya bango, akarudi kujaza jingine.