Glasi Mbili za Mjomba Angani

Nilikuwa mhudumu wa ndege siku mjomba wangu wa Newala alipopanda ndege yetu kwa mara ya kwanza. Nyumbani hunywa uraka, pombe ya mabibo, mchana kutwa bila kuyumba. Angani, glasi mbili tu za mvinyo zikamlegeza.

"Mmetia dawa humu!" akafoka. Abiria wakageuka.

Nikamwinamia. "Hakuna dawa, mjomba. Pombe iliyomo kwenye damu yako ni ileile ambayo ungekuwa nayo chini. Ila hewa ya humu ni nyepesi kama ya mlima mrefu, mrefu kupita mbali uwanda wetu wa Newala. Ubongo unapungukiwa oksijeni, kwa hiyo pombe kidogo unaihisi nyingi. Tena hujala tangu asubuhi."

Nikamletea chakula na maji. Chakula akala, maji akayasukuma.

"Wape watoto."

Kwetu Newala maji ni ya shida, hayachezewi.

"Humu yapo ya wote, mjomba. Na hewa hii inakausha."

Akanywa. Glasi ya tatu ya mvinyo akaikataa mwenyewe.

Saa kadhaa baadaye tulitua. Akashuka amenyooka, akageuka mlangoni na kuwatangazia abiria: "Huyu ni mtoto wa dada yangu, na maji yake nimeyamaliza!"