Kanzu ya Owais Yapata Rangi ya Ukuta

Owais alikuwa safarini familia yake ilipopiga picha ya Idi, kwa hiyo Somoe, mpiga picha wa Mikindani, akamwingiza pichani kwa kompyuta. Rukiyabai, mke wa Owais, akacheka. "Mume wangu umembandika kama stika!"

Somoe akaichunguza picha. Ukuta wa kijani, kwa kuakisi mwanga, uliwatia wengine ukijani kwenye mashavu ya upande wake, na sakafu nyekundu iliwapa wekundu chini ya videvu. Kanzu ya Owais pekee ilikuwa nyeupe pe. Akaipaka kijani hafifu upande wa ukutani, na wekundu kidogo kwenye pindo.

"Sasa yupo nasi," Rukiyabai akafurahi.

Owais alipoiona alinung'unika. "Mbona kanzu yangu ina madoa?"

"Ungekuwepo, Baba Hina, ungeyapata bure," Rukiyabai akamjibu mumewe.